Mwili wa Karata Kumi na Tatu

Lori lililonibeba kutoka Kasumbalesa lilikunja kona bila kuwasha taa, likapenya lango la bati ambalo sikuamini lingelipitisha, na kabla injini haijazimwa nikasikia mlio nisioujua. Haukuwa wa nyundo wala wa mlango. Ulikuwa mkavu, ukifuatwa na kimya, kisha ukarudi.

Niliposhuka niliona wanaume sita au saba wamezunguka tairi kubwa lililolazwa chini, ubao juu yake, na karata zimelazwa safu tatu tatu. Mmoja alikuwa amenyoosha mkono wa kushoto, kiganja kikitazama juu, macho yake ukutani. Mwingine, mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyebeba vitu vizito tangu utotoni, alishika kipande cha mkanda wa feni ya injini na alikuwa akimchapa kiganjani kwa nguvu zake zote. Hakuna aliyewaamulia. Mwanamke aliyekuwa pembeni akisonga bukari, ugali wa huku, hakugeuza hata shingo.

"Ine," alihesabu yule mrefu. "Tano. Sita. Njo yote."

Aliyechapwa alitumbukiza mkono kwenye ndoo ya maji, akafunga macho, kisha akacheka kama mtu aliyemaliza kung'olewa jino.

"Leo umekula bukari ya nani, Ephraïm? Unapiga sawa muntu balimukopa bibi yake."

Hivyo ndivyo nilivyomjua dereva niliyeambiwa nimtafute. Nilikuwa nakwenda Kolwezi, na mtu wa mpakani alikuwa amenihakikishia kwamba katika ua wa Mama Ramla, karibu na mtaa wa Bel-Air, Ephraïm angenichukua. Alifuta mkanda kwenye suruali yake, akanitazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Weye njo ule muntu wa Kolwezi?"

"Ndiyo, mimi."

"Tutaenda kama tairi ya lori inafika. Bila tairi hatuende. Unajua karata?"

Nilimwambia nimewahi kuona wanaume wakizilaza namna ile, safu tatu, kwenye bandari mbili tatu za Asia, wala sikuwahi kuelewa kwa nini baadhi yao walipiga kelele kabla hata ya kushindwa. Alicheka. Jino moja la mbele halikuwapo.

"Bananguka," alisema. "Njo maana banalia. Muntu anajiangusha yeye mwenyewe."

*

Tairi halikufika siku ile, kwa hiyo alinifundisha. Alinikalisha upande wa pili wa ubao, akachanganya karata kwa mikono ambayo haikufaa kazi hiyo. Vifundo vya mkono wa kulia havikuwa katika mstari mmoja; kimoja kilikuwa kimezama, kingine kimetokeza kama kokwa.

Kila mchezaji hupewa karata kumi na tatu. Huzipanga katika safu tatu: chini tano, katikati tano, juu tatu. Wachina waliomfundisha walikuwa na majina yao. Katika ua huu safu ya chini inaitwa miguu, ya katikati tumbo, ya juu kichwa, na zote pamoja ni mwili. Sheria inayotawala nyingine zote ni kwamba miguu lazima iwe na nguvu kuliko tumbo, na tumbo kuliko kichwa. Ukikosea mpangilio huo, hata kama karata zako ni nzuri kuliko za wote, mwili umeanguka na umepoteza kila kitu.

"Unajenga sawa unajenga nyumba," alisema. "Chini kwanza. Angalia tano za nguvu, weka mu miguu. Kisha tumbo. Ile inabakia, njo kichwa. Bantu bengi banaona karata tatu za kufanana, banafurahi, banaweka mu kichwa. Sasa tumbo iko na jozi mbili tu. Tatu za kufanana inashinda jozi mbili. Kichwa inakuwa muzito kupita tumbo. Inaanguka."

Alinipangia mfano. Asi nyingi, kopa nzuri, karata ambazo mtu angezilalia usiku. Kisha akahamisha moja tu, na mwili mzima ukawa takataka.

"Na hapa njo kaburi ya bote," alisema, akiweka jozi mbili chini na jozi mbili katikati. "Miguu na tumbo zikiwa za namna moja, simama. Usifungue mudomo. Angalia jozi kubwa ya huku na jozi kubwa ya kule. Ile kubwa peke yake njo inahukumu. Kama ile ya tumbo inapita ile ya miguu, umeisha. Bantu ba hapa banazoea kucheza karata za kuhesabu, banajumlisha. Hii hatujumlishe."

Mwisho unazitazama tena kutoka kichwani kwenda miguuni, polepole, kana kwamba ni za mtu mwingine. Ukisema "nimelaza", huruhusiwi kuzigusa tena.

Niliuliza kuhusu mkanda. Akaashiria kwa kidevu chumba kidogo chenye dirisha la nondo, ambamo Mama Ramla alikuwa akiongea na simu mbili kwa zamu. Ukoo wake ulitoka Kasongo, huko Maniema, ukafanya biashara katika mji huu kabla hata yeye hajazaliwa. Malori manne ya ua ule yalikuwa yake, na tangu siku ya kwanza alikataza fedha ya karata isionekane ndani ya lupango lake, yaani ua huu, kwa sababu ni haramu. Madereva hawakuacha karata. Waliacha fedha. Ukishindwa safu moja, unachapwa mara moja. Anayekushinda safu zote tatu anakuchapa tatu, na tatu nyingine za kuongezea. Mkishindana huku na kule, mapigo yanakatana: mwenye safu mbili dhidi ya moja anapiga pigo moja tu. Na ukianguka, ni sita. Unanyoosha kiganja cha mkono usiotumia kubadilishia gia. Ukiuvuta, mkanda unakofikia ni shauri lako.

Baadaye Mama Ramla mwenyewe aliniambia hivi, bila kuulizwa, akirekebisha kitambaa cha kichwani: "Mimi nilikataza feza. Nilikataza na kugombana. Banaume bazima bakisikilizana bapigane mu mikono, ile haiko ugomvi, ni bujinga. Bujinga sikukataza, ningekosa madereva."

*

Ephraïm alizaliwa Kongolo, katika familia ya Kikatoliki iliyoishi kwa kufuata reli. Babu yake alifunga vyuma vya njia ya treni, baba yake pia, na wote wawili, alivyonieleza, walipiga. Walipiga watoto, wake, mbuzi, na siku za mishahara walipigana wao kwa wao mbele ya nyumba, kisha wakaenda misa wakiwa na nyuso zilizovimba. Hakusimulia kwa uchungu. Alisimulia kama mwingine anavyosimulia kwamba kwao watu ni warefu.

Alipokua alikwenda migodini, upande wa Likasi, akawa mwendeshaji wa mashine ya kupakia mawe katika kambi iliyosimamiwa na Wachina. Zamu ilikuwa ndefu na baada yake hapakuwa na pa kwenda. Fundi mmoja wa mitambo, mzee aliyeitwa Lao Wu, alimkaribisha kwenye meza yao. Kila mara Ephraïm alipoanza kupanga karata kutoka kichwani, Lao Wu alimpiga kofi la kisogoni. Alijifunza haraka. Aliniambia kwamba muda wa kupanga karata ndio muda pekee, katika umri wake wote, ambao mikono yake ilitulia.

Msimamizi mmoja wa kambi, Mkongomani, siku moja alimwaga sahani yake ya chakula kwa mguu, kwa mzaha. Ephraïm alimpiga kwa mpini wa sepetu mpaka mpini ukavunjika, kisha akaendelea na kipande kilichobaki. Hapo ndipo jino lake lilipopotelea, na kifundo kile kilipozama. Alifungwa. Alipotoka, Mama Ramla ndiye pekee aliyempa lori, kwa kuwa alikuwa anaweza kulivusha kwenye tope la Kolwezi wakati wengine wanalala njiani.

Mkewe, Syntiche, alikuwa amehamia kwa mama yake Bel-Air, mtaa wa jirani, nyumba ya pili baada ya kanisa. Hakuwa amemwacha kabisa. Alimwambia tu kwamba atarudi mvua zikiisha, kama zitaisha na Ephraïm akiwa bado na ufunguo wa lori. Mvua zilikuwa zimebakiza kidogo kuisha. Mawingu yalikuja mchana, yakanguruma, yakaondoka bila kunyesha.

Nilipomuuliza kama ana ndugu, alirudi kukagua injini. Aliyenieleza ni Edith, yule mwanamke wa bukari, ambaye ndiye pia msomaji wa miili: katika ua huu karata zikishalazwa, asiyecheza ndiye anayezisoma kwa sauti, kutoka miguuni, ili asiwepo wa kubishana. Edith alikuwa amesoma miili kwa miaka, na hakuna aliyewahi kumtilia shaka.

"Alikuwa na mudogo wake, Kabwe," aliniambia, akipiga mwiko ukingoni mwa sufuria. "Alikuwa fundi hapa. Mikono ya kufungua kila kitu. Ephraïm njo alimufundisha karata. Siku moja Ephraïm alikuwa Kolwezi, Kabwe akacheza na Osée. Akapata karata tatu za kumi, akaweka mu kichwa. Tumbo jozi mbili. Nikasoma, nikasema inaanguka. Sita. Osée akachukua mukanda, akaugeuza, akamupiga na ubavu, pale kwenye nyuzi za chuma zinatoka. Ya tatu, vidole bibili vikakufa. Kabwe hakuvuta mukono. Alijua sheria. Sasa yeko Kongolo, hawezi kushika spana."

"Na Ephraïm?"

"Alirudi usiku ule. Alimutoa Osée mu lori na miguu, akamukanyanga hapa, hapa tu weye unakaa. Mi nilimwangia Ephraïm maji ya moto ya bukari, kama hapana angemuua. Angalia mugongo yake siku atavua shati."

Baada ya hapo Mama Ramla aliwaita wote wawili. Osée alikuwa dereva wa akiba, asiye na lori lake. Aliambiwa asiguse tena mkanda kwa ubavu. Ephraïm aliambiwa kwamba akimpiga mtu ndani ya lupango, nje ya mchezo, hata mara moja, ufunguo utakwenda kwa Osée. Mama Ramla hakurudia maneno, na hakuna aliyemwomba arudie.

*

Asubuhi iliyofuata tairi lilikuwa bado njiani. Ephraïm alikuwa amelala chini ya lori lake akikaza kitu, miguu tu ikionekana, Osée alipokuja kuegemea bampa. Alikuwa mdogo kwa umbo, mtanashati, shati limepigwa pasi, na kovu kwenye taya lililoponea vibaya. Alimwita yaya, yaani kaka mkubwa, kwa sauti ya kirafiki, ya kusikika na ua mzima.

"Yaya Ephraïm. Ukiniachia ufunguo leo, nitakuletea samaki ya Kolwezi."

Chini ya lori spana iliendelea kukaza.

"Kabwe anasema nini? Banasema banamulisha na kijiko."

Spana ilisimama. Watu waliokuwa wakipakua magunia wakapunguza mwendo. Ephraïm alitoka chini ya lori taratibu, akajifuta mikono, kidole kimoja kimoja. Nilimwona akipima umbali kati yake na taya lile. Kila mtu aliuona ule umbali.

"Edith," alisema, "leta karata."

Osée alitabasamu. Sasa ninaelewa kwamba alikuwa akitaka hilo, au lile lingine. Yote mawili yalikuwa na faida kwake. Ephraïm akimpiga nje ya ubao, ufunguo ni wa Osée. Wakicheza, hasira ingemfanya apange vibaya, naye Osée angemchapa sita mbele ya wote, na baada ya sita nani anajua kama angevumilia.

Wakakaa. Edith alifuta mikono, akasimama kati yao.

Katika mchezo wa kwanza niliona vidole vya Ephraïm vikienda juu, kichwani, vikiweka wafalme wawili pale kwa papara. Kisha vikasimama. Akazikusanya zote tena, akaanza chini. Osée alikuwa amekwisha sema "nimelaza" na alikuwa akipiga mluzi.

"Haraka, papa. Muchina wako hakukufundisha saa?"

Edith alisoma. Osée alishinda miguu na kichwa, Ephraïm tumbo. Pigo moja. Ephraïm alinyoosha mkono wa kushoto. Osée alijiinua kwenye vidole vya miguu, akaushusha mkanda kwa bapa, kisheria, kwa uzito wake wote. Mstari mweupe ulitokea kiganjani, ukajaa damu polepole kutoka ndani. Ephraïm aliutazama kama kitu kilichoandikwa na mtu mwingine.

Mchezo wa pili Ephraïm alishinda safu mbili. Alimpiga Osée pigo moja, na ubao ukaruka. Osée alipumua kwa meno, akapuliza mkono wake.

"Sawa. Unapiga muzuri. Syntiche alinielezeaka."

Hakuna aliyecheka. Dirishani, kitambaa cha Mama Ramla kilitokea nyuma ya nondo, kikabaki pale.

Edith aligawa mara ya tatu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Ephraïm, nikaziona karata zake zikifunguka: kopa tano zisizofuatana, mfalme akiwa mkubwa wao, karata tatu za nne, malkia, vale, yule kijana anayefuata chini ya malkia, saba, sita, mbili. Shingo yake ilikuwa imevimba, na jasho lilikuwa likishuka kwenye ngozi iliyokunjamana ya mahali maji ya bukari yalipomchoma. Osée alikuwa anaongea bila kupumzika, akipanga zake huku akimtazama Ephraïm usoni badala ya kutazama ubao.

"Nilipita kwa mama mukwe wako jana. Syntiche ananenepa, yaya. Analala muzuri sasa, hakuna wa kumupiga. Aliniuliza, ule muntu wangu angali na ufunguo? Nikasema angali nayo, mama, lakini usipike bado."

Kopa tano zilikwenda miguuni. Zile nne tatu zilikwenda tumboni, na sita na mbili zikazijazia. Malkia, vale na saba wakapanda kichwani. Ephraïm aliweka mikono magotini, akazitazama kutoka juu kwenda chini, midomo ikisogea. Alama moja chini, ambayo inashinda tatu za kufanana za katikati, na kichwa kitupu juu. Mwili ulisimama.

"Nimelaza."

"Miye nililaza zamani," alisema Osée, na ni kweli, zilikuwa mbele yake zimefunikwa, na kiganja chake kiko juu yake.

Edith alianza kwa Ephraïm, akasoma, akakubali kwa kichwa kwamba mwili unasimama. Kisha akafunua za Osée.

"Miguu. Jozi ya kumi, jozi ya tisa, na tano moja." Akafunua safu ya pili. "Tumbo. Jozi ya vale, jozi ya mbili, na tatu moja." Hapo sauti yake ilishuka. Hakukimbilia safu ya tatu. "Kichwa. Asi, malkia, saba."

Kama mwili ungesimama, asi ile ingeshinda kichwa cha Ephraïm. Miguu na tumbo vingeshindwa. Lingekuwa pigo moja tu, kama katika michezo miwili ya kwanza, na watu wangerudi kwenye magunia.

"Inaanguka," alisema Edith.

Osée alicheka. "Inaanguka wapi? Mama Edith, hesabu. Kumi na kumi ni makumi mbili, tisa na tisa ni kumi na munane. Ile ni nguvu ya miguu. Huku vale na mbili, inafika wapi?"

"Hatuhesabu, Osée. Jozi kubwa ya miguu ni kumi. Jozi kubwa ya tumbo ni vale. Vale inapita kumi. Tumbo inalalia miguu."

"Kabwe alinifundisha hivi."

"Kabwe alikosea na yeye," alisema Edith. "Ungebadilisha tu safu mbili. Ungeweka vale chini. Ulikuwa unaongea."

Nilimwona Osée akizitazama karata zake kwa mara ya kwanza. Alizitazama kweli, na rangi ya uso wake ikabadilika, kwa maana aliona, kama tulivyoona sote, jinsi ilivyokuwa rahisi kuziokoa.

"Sita," alisema mtu nyuma yangu.

*

Ephraïm aliokota mkanda. Aliugeuza mkononi, akagusa ubavu wenye nyuzi za chuma, kisha akaurudisha kwa bapa. Osée alinyoosha mkono wa kushoto, akakunja mwingine nyuma ya mgongo.

Pigo la kwanza lilisikika mpaka barabarani. Mtu aliyepita na toroli alisimama langoni. La pili lilipasua ngozi. La tatu likatua palepale, na damu ikarukia karata zilizokuwa bado zimelazwa, juu ya vale wawili na zile kumi mbili. Ephraïm hakuhesabu kwa sauti kama jana yake. Edith ndiye aliyehesabu, na kila mara aliposema namba, mkanda ulikuwa umekwishapanda tena. La nne, Osée aliuma kola ya shati lake. La tano, alitapika kidogo, akafuta mdomo kwa bega, akaunyoosha mkono tena. Hakuvuta. Hilo lazima lisemwe juu yake.

Kisha akainua uso. Macho yalikuwa yamejaa maji, na alikuwa anatabasamu, nadhani kwa sababu hakuwa amebaki na kitu kingine cha kufanya.

"Bado moja, yaya," alisema. "Kisha ya ile, Kabwe atashika spana?"

Ephraïm aliinua mkanda. Katika kupanda kwake niliona kifundo cha mkono kikigeuka, robo ya mzunguko tu, ubavu ukawa chini. Haukushuka kiganjani. Ulimpata Osée kuanzia juu ya jicho mpaka mdomoni. Alianguka juu ya ubao, ubao ukapinduka, karata zikamwagika mavumbini, naye akajikunja kwenye ukingo wa tairi akishika uso kwa mikono yote miwili, akitoa sauti ya chini isiyokatika. Damu ilipita kati ya vidole. Ephraïm alimkanyaga mbavuni mara moja, kisha mara ya pili. Wanaume wanne ndio waliomtoa, wala hakupigana nao. Mkanda ulikuwa umemtoka wenyewe.

Mama Ramla alikuwa amekwishafika. Aliinama, akaondoa vidole vya Osée usoni, akatazama jicho, akasema apelekwe hospitali kwa gari lake mwenyewe, upesi. Walipokwisha kumbeba, alisimama mbele ya Ephraïm. Aliufikia usawa wa kifua chake.

"Osée alivuta mukono, Mama," alisema yule aliyechapwa siku niliyofika. "Mukanda ukakosa fasi ya kwenda. Sheria iko wazi."

"Ndiyo, alivuta," alisema mwingine. "Na ile ya kumukanyanga, Ephraïm alijikwaa."

Mama Ramla alimgeukia Edith. Edith alikuwa amepiga magoti akikusanya karata. "Mi nilikuwa naangalia chini," alisema bila kuinua kichwa.

"Na weye, mugeni?"

Nilikuwa nimeona. Nilikuwa ninatafuta maneno, katika lugha yoyote, ambayo yangekuwa ya kweli na yangemwachia Ephraïm ufunguo, na sikuyapata kwa wakati.

"Usimuulize mugeni," alisema Ephraïm. "Hakuvuta. Nililenga."

Mtu alisema kwa sauti ndogo, "Lakini, Ephraïm," kama anavyoambiwa mtu aliyeweka karata vibaya akiwa bado na nafasi ya kuigeuza.

Mama Ramla alinyoosha mkono, kiganja juu. Ephraïm alitoa ufunguo shingoni, kwenye kamba ya viatu, akauweka pale. Ulichafuka damu ya kiganja chake mwenyewe, na Mama Ramla aliufuta kwa pindo la kanga.

"Nilikuambia," alisema.

"Ndiyo, Mama. Uliniambia."

Alipanda kwenye lori mara ya mwisho, akashuka na begi, blanketi na sufuria ndogo. Alifunga mlango kwa uangalifu, akaujaribu kama umefunga. Alipita karibu nami.

"Niliagiza sahani mbili kwa Edith," alisema. "Kula na ya kwangu. Barabara ya Kolwezi, musipite na mvua."

"Nani atatupitisha?"

Alifikiri kwa uzito, kama dereva. "Osée anajua. Lakini na jicho moja, hapana. Itabidi mungoje."

Langoni alisimama. Kulia kulikuwa na barabara ya Bel-Air, na paa la kanisa, la karibu na kwa mama yake Syntiche, lilionekana juu ya miti. Alilitazama. Akahamishia begi bega lingine, akapinda kushoto, upande wa barabara kuu ya Kasumbalesa, na yule mtu wa toroli akampisha.

Toroli lile, kumbe, ndilo lililobeba tairi letu. Wanaume wawili walilibiringisha tairi mpaka kwenye lori, wakaliegemeza kwenye mlango, wakatafuta wa kumkabidhi. Hawakumpata. Edith aliniletea sahani mbili, bukari na sombe, mboga ya majani ya muhogo, akaziweka juu ya ubao uliopinduliwa, akarudi kuosha karata kwenye ndoo, moja moja, akizipanga juani zikauke.